Nionyeshe wapi, tangu lini

Swali la wiki: "Jamaa na marafiki wakikusema uso wako, huwajibu vipi, na maneno yepi huyafuata?"

Mimi humuuliza msemaji mambo mawili: wapi, na tangu lini. Shangazi akiniambia uso umeharibika, namwambia, "Nionyeshe wapi, shangazi." Akigusa mahali na kusema hapakuwa hivi wakati wa Idi, maneno yake nayashika. Akisema ningetakata kidogo ningependeza, namshukuru na mazungumzo nayapeleka kwengine, kwa sababu hapo hakuna cha kutibu. Ila mtu akikwambia mdomo umeenda upande ghafla, usiulize kitu. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Nimeona uzito wa maswali haya kwa mtoto wa ami yangu, hapa Chake Chake. Harusi yake ilipokaribia alianza kupaka usoni krimu ya tyubu aliyouziwa bila cheti cha daktari. Mwanzoni kila aliyemwona alisema, "Mashaallah, umetakata!" na sifa hizo ndizo zilizomfanya aendelee. Bibi peke yake alisema jengine: "Mbona siku hizi ukikaa jikoni uso unakuwaka, na mashavu yameota malaika?"

Wengi walimpuuza. Lakini bibi alikuwa ametaja mahali na wakati, basi asubuhi tukamsimamisha binti mlangoni penye mwanga, uso haujapakwa kitu, tukaulinganisha na picha yake ya zamani isiyorembwa na simu. Vipele vidogo vilikuwa vimeuzunguka mdomo, na malaika kweli walikuwapo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu haujitokezi waziwazi, kwa hiyo alichokisema bibi kuhusu joto la jiko kilifaa kuliko kioo.

Tyubu ilisomeka klobetasoli. Hiyo ni steroidi kali sana. Madaktari huitoa kwa maradhi ya ngozi kwa muda mfupi, kwa kawaida isizidi wiki 2, na uso hauwi mahali pake. Hufifisha rangi na kuzima vipele upesi, ndiyo maana sifa hutangulia. Madhara huja nyuma, ngozi ikishakuwa nyembamba na vimishipa vikaanza kuonekana.

Alipoacha kwa mara moja, uso uliwaka na vipele vikazidi. Hapo marafiki wakamwambia, "Rudia krimu yako, ulikuwa mzuri." Nawasihi wasomaji, hili ndilo neno la kulikataa kabisa. Ule moto ni ngozi iliyozoea dawa kisha ikanyimwa, na ukirudia krimu unaanza upya. Daktari wa ngozi alimpa steroidi hafifu aipunguze polepole, akamtaka aweke kando liwa, sabuni kali na kila chenye manukato, na ajikinge na jua. Akamwambia kutulia kwa ngozi huweza kuchukua miezi. Kwa hiyo harusini aliingia na vipele vyake, na waliouliza aliwajibu kwa kifupi: "Natibiwa."