Barua pepe ya kwanza kuhusu simu mbovu: ombi likae wapi, na lisemeje?

Swali: "Simu yangu bado mpya na inazima yenyewe. Nataka kumwandikia muuzaji barua pepe, ila naogopa nitajibiwa 'tunalishughulikia' halafu kimya. Niipange vipi ili wajue hasa ninachotaka?"

Jibu langu:

Kwa muda fulani nilifanya kazi kwenye dawati la huduma kwa wateja katika duka la simu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kusoma barua pepe za aina hii na kuamua ziende kwa nani. Njia zilikuwa tatu tu. Aliyetaka kutengenezewa simu alipelekwa kwa fundi, aliyetaka kubadilishiwa alipelekwa kwa mtu wa stoo kwa idhini ya meneja, na aliyetaka kurudishiwa fedha alipelekwa kwa mhasibu. Barua iliyoeleza masikitiko kwa kurasa mbili bila kusema inataka lipi kati ya hayo matatu haikuwa na pa kwenda, kwa hiyo ilijibiwa kwamba malalamiko yamepokelewa na yanashughulikiwa. Jibu hilo kwa kawaida lina maana kwamba barua bado iko kwa msomaji wa kwanza.

Ndiyo maana ninashauri ombi likae katika aya ya kwanza kabisa, kabla ya historia ya hitilafu, na liandikwe kwa namna ambayo mtu mwenye mamlaka anaweza kulijibu kwa ndiyo au hapana. "Naomba mnisaidie kuhusu simu hii" halijibiki hivyo. "Ninaomba mnibadilishie simu hii kwa simu mpya ya modeli ileile" linajibika. Maneno kama "msaada", "suluhisho" na "hatua stahiki" yana heshima zake, lakini yanamwachia muuzaji achague mwenyewe, na muuzaji akiachiwa kuchagua huchagua linalomgharimu kidogo, ambalo aghalabu ni kuituma simu kwa fundi. Hali huwa hiyohiyo ukiandika kwamba unataka kutengenezewa, au kubadilishiwa, au kurudishiwa fedha, vyote kwa mkupuo.

Chagua moja, kisha litaje kwa ukamilifu. Kubadilishiwa ndiko kunakoleta ubishi mwingi, kwa sababu neno hilo peke yake haliko wazi: unaweza kupewa simu iliyowahi kurudishwa na mteja mwingine ikakarabatiwa, au yenye hifadhi ndogo zaidi, na duka likaona limetimiza ombi lako. Andika kwamba unataka simu mpya ambayo haijatumika, ya modeli ileile na hifadhi ileile, na ukipenda taja hata rangi. Ukitaka fedha, sema ni kiasi chote ulicholipa na kirudi kwa njia ipi. Ukitaka matengenezo, sema yawe bila malipo na taja tarehe ya kurudishiwa simu. Baada ya hapo ongeza ombi moja la akiba lenye sharti lake, kwa mfano kwamba unataka fedha ikiwa modeli hiyo imekwisha stoo. Sharti hilo ndilo linalozuia ombi la akiba lisigeuke kuwa la kwanza. Kabla ya kuchagua, soma masharti yaliyo kwenye risiti na kadi ya dhamana, maana yako yanayompa muuzaji nafasi ya kutengeneza kwanza, na yako yanayoruhusu kurudisha bidhaa ndani ya siku chache za mwanzo. Sheria ya mahali uliponunua nayo inaweza kukupa haki zaidi ya hayo yaliyoandikwa dukani.

Sasa hitilafu yenyewe. Nitatumia simu yangu mwenyewe kama mfano, kwa kuwa nayo ilikuwa ikizima yenyewe, na hitilafu za namna hiyo, zinazokuja na kuondoka, ndizo ngumu kuthibitisha. Fundi huipokea simu, huichaji hadi ijae, huichezea kidogo, kisha huandika kwamba haina tatizo, na kwa kweli hasemi uongo, kwa sababu kwake haikuzima. Kwa hiyo usiandike kwamba simu "inazima zima ovyo". Eleza ilikuwa na chaji kiasi gani, ulikuwa ukifanya nini wakati huo, nini kilifuata, na pia lini haizimi. Sehemu hiyo ya mwisho wengi huisahau, ingawa ndiyo inayomwonyesha fundi kwamba umechunguza, na ndiyo inayomzuia kupima mahali ambapo hataona kitu.

Jambo jingine ni kueleza dalili bila kutaja ugonjwa. Simu inayozima chaji ikiwa imebaki asilimia 30 inaweza kuwa na betri dhaifu: simu ikitulia asilimia huonekana nzuri, lakini kamera na taa yake zikidai umeme mwingi kwa mara moja, volteji hushuka ghafla na simu hujizima. Inaweza vilevile kuwa na kasoro kwenye bodi, au programu inayosoma chaji vibaya. Ukiandika "betri ni mbovu" umejifunga, kwa kuwa duka linaweza kukuwekea betri nyingine na kufunga faili, au kukwambia kwamba dhamana ya betri ni fupi kuliko ya simu. Wewe sema simu inazima. Sababu waitafute wao.

Barua niliyoipeleka ilikuwa na umbo hili, nikiacha namba na majina wazi na kubadilisha tarehe:

Mada: Ombi la kubadilishiwa simu yenye hitilafu, risiti namba [ ]

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Ninaomba mnibadilishie simu ya modeli [ ] niliyonunua kwenu tarehe 4 Machi kwa simu mpya ambayo haijatumika, ya modeli ileile na yenye hifadhi ya GB 128, kwa sababu inazima yenyewe ikiwa bado ina chaji. Ikiwa modeli hiyo haipo stoo, ninaomba nirudishiwe kiasi chote nilicholipa, kwa njia ileile niliyolipia.

Hitilafu ilianza tarehe 11 Machi. Simu huzima bila onyo ninapofungua kamera au kupiga simu ya video chaji ikiwa kati ya asilimia 20 na 40. Nikiichomeka kwenye chaja huwaka tena na kuonyesha karibu asilimia ileile. Chaji ikiwa zaidi ya asilimia 60 haijawahi kuzima, hivyo ninaomba ipimwe ikiwa chini ya asilimia 40 na kamera ikiwa imewashwa. Nimesasisha programu endeshi na kuirudisha simu katika hali ya kiwandani, lakini hali haikubadilika. Simu haijaanguka, haijaingia maji, wala haijafunguliwa na fundi yeyote.

Nimeambatisha nakala ya risiti, picha ya namba ya IMEI, na video fupi inayoonyesha asilimia ya chaji kabla na baada ya simu kuzima.

Ninaomba jibu kwa maandishi ifikapo tarehe 28 Machi, likinieleza kama ombi limekubaliwa na simu niilete wapi. Ikiwa halikukubaliwa, ninaomba nielezwe sababu.

[Jina na namba ya simu inayopatikana]

Niseme machache kuhusu yaliyomo. Namba ya IMEI ina tarakimu 15 na utaiona ukibonyeza `*#06#` mahali pa kupigia simu. Simu ya laini mbili huonyesha namba mbili, basi tuma zote. Ilinganishe na iliyo kwenye boksi na kwenye risiti, kwani zikitofautiana duka litasema si simu iliyotoka kwao, na ni afadhali ujue hilo mapema. Risiti halisi baki nayo.

Sentensi ya kwamba simu haijaanguka wala kuingia maji iandike kama ni kweli tu. Simu nyingi zina alama ndogo ndani, mara nyingi kwenye tundu la laini, ambayo hubadilika rangi ikiguswa na maji, na fundi huitazama kabla ya kitu kingine chochote. Kama iliwahi kuanguka na haikupata kasoro, liseme hilo kwa ufupi, maana wakiona mkwaruzo uliouficha, hata maelezo yako mengine hayataaminiwa.

Kuhusu tarehe ya kujibiwa, "haraka iwezekanavyo" haimsumbui mtu. Tarehe kamili huingia kwenye kalenda ya mtu fulani. Mimi huacha kati ya siku saba na kumi na nne, kwa kuwa ukiwapa siku mbili watakuona wa kutishia tu, na barua ya kwanza haihitaji vitisho. Mahakama, mamlaka za walaji na mitandao ya kijamii ziache kwa barua ya pili, endapo itahitajika. Ukizitaja mapema, barua yako inaweza kuhamishiwa kwa mwanasheria wa kampuni, ambaye hana haraka hata kidogo.

Kwangu mambo hayakunyooka mara moja. Fundi wao aliichaji simu ikajaa, akarudisha taarifa kwamba haina hitilafu. Nilijibu chini ya barua ileile, bila kuanzisha nyingine, nikamwomba asome aya ya pili kisha aipime kama ilivyoelezwa pale. Aliiacha chaji ishuke, akafungua kamera mbele yangu, na skrini ikawa nyeusi kabla hajapiga picha. Hapo meneja hakuwa na la kuniuliza, kwa sababu aya ya kwanza ilikuwa imeshamwambia aidhinishe nini na kwa mbadala upi.

Siku ya kuipeleka simu, hamisha picha na namba zako kwanza, toa laini na kadi ya kumbukumbu, kisha ondoa akaunti yako kwenye simu kupitia mipangilio, kwa sababu simu iliyofungwa na akaunti ya mteja duka haliwezi kuipokea kama marejesho, na suala lako litasimama hapo hadi uitwe tena. Wakati wa kukabidhi, dai karatasi ya mapokezi yenye namba ya IMEI, hali ya skrini na maneno "kwa ajili ya kubadilishwa". Wakiandika "kwa ajili ya matengenezo", usisaini hadi warekebishe, au andika pembeni kwa mkono wako kwamba ombi lako ni lile la barua pepe ya tarehe fulani. Na simu mpya ikitoka, waombe wakutumie IMEI yake kwa maandishi kwenye mazungumzo yaleyale ya barua pepe pamoja na tarehe ambayo dhamana yake inaanza kuhesabiwa, maana risiti uliyonayo bado ina namba ya simu ya zamani.