Nilivyopima video ya mdada wa Instagram na tangazo la duka letu

Mara ya kwanza nilikosea. Nilichukua video ya mdada mmoja aliyejipaka mafuta yetu ya nazi akiwa jikoni kwake, nikaiweka kwenye `Ad set` moja, yaani kundi moja la matangazo yanayogawana bajeti, na tangazo letu lenye chupa na bei, nikasubiri wiki. Siku ya pili tu karibu hela yote ilikuwa inaenda kwenye video. Nikatangaza mshindi. Kumbe mfumo huwa unawahi kuegemea tangazo linaloonyesha dalili nzuri mapema, na lile lingine halipati nafasi ya kujitetea.

Mara ya pili nilitumia `A/B test` ndani ya Ads Manager, ambayo inagawa watu ili anayeona tangazo hili asione lile. Bajeti sawa, shilingi 100,000 kila upande, siku saba, walengwa walewale. Mdada alinipa `partnership ad code`, yaani namba ya kuniruhusu kuitangaza posti yake, kwa hiyo tangazo likatoka na jina lake pamoja na letu. Kabla ya hapo ilibidi abadilishe muziki, maana wimbo maarufu aliouweka ulizuia posti isibustiwe.

Kwa kuwa tunauzia WhatsApp, kila tangazo nililiwekea ujumbe wake wa kuanzia, ule unaojiandika tayari mteja akibonyeza. Wa video: "Nimeona mafuta kwa dada." Wa duka: "Naulizia mafuta ya nazi." Bila hivyo nisingejua nani katoka wapi.

Video ilileta meseji 84, tangazo letu 50. Ungeishia hapo ungeona mdada katuacha mbali. Lakini walionunua walikuwa 9 kwa video na 11 kwa duka. Tofauti ya watu wawili siiiti ushindi, wiki nyingine ingeweza kugeuka. Kwa hiyo nikasema wametoka sare, ila mdada nilimlipa 150,000 juu ya hela ya tangazo, na picha yetu ilipigwa na mpwa wangu kwa simu. Ukijumlisha, kila mnunuzi wa video alinigharimu karibu 27,800, wa duka kama 9,100. Kupenda na komenti sikuzihesabu kabisa. Nyingi zilikuwepo kabla sijalipia hata shilingi.

Nikarudi kusoma meseji za video moja moja. Nyingi zilikwama palepale: "Bei gani?" Nikijibu, kimya. Video haikutaja bei, tangazo letu liliitaja, kwa hiyo wenye kushangaa bei walichujika kabla hawajatuandikia.

Nikampigia mdada, nikamweleza habari ya bei. "Ungeniambia mapema," akaniambia huku akicheka, akarekodi upya kwa 30,000, bei ikitajwa mwanzoni kabisa. Jaribio lililofuata, kwa bajeti ileile, meseji zake zilishuka hadi 58, wanunuzi wakapanda hadi 19. Duka likabaki na 10. Sasa namlipa kidogo kila mwezi ili posti iendelee kutumika, na muda wa ruhusa tumeuandika, maana akiifuta posti yake, tangazo nalo linakatika.