RTX 4060 na Cyberpunk 2077: bakisha mwakisiko, punguza vivuli

"Niko Kondele, Kisumu. Nina RTX 4060, kioo cha 1080p. Nikiwasha miale yote ya ray tracing, Cyberpunk 2077 inakwama kwama. Nizime gani?"

Ndugu, anza na vivuli. Zima Ray-Traced Local Shadows na Ray-Traced Sun Shadows. Vivuli vya kawaida vya gemu hiyo ni vizuri, na ukiwa mbioni hutaona tofauti. Ray-Traced Reflections usiiguse. Bila hiyo, gemu huakisi kile tu kilicho kwenye skrini: simama mbele ya dimbwi usiku, inamisha kamera mpaka bango la taa litoke nje ya skrini kwa juu, na taa yake itafutika majini palepale. Hilo linaudhi kweli. Ray-Traced Lighting ndiyo mlaji mkubwa, kwa hiyo ishushe hadi Medium kabla ya kufikiria kuizima.

Pima kwa milisekunde za kila fremu, si kwa fremu kwa sekunde. Zima kitu kimoja, simama pale pale, soma tena. Ukitoka fremu 40 hadi 50, umeokoa milisekunde 5, yaani 25 kuwa 20. Kufika 60 kunabaki 3.3 tu.

Washa DLSS, inayochora picha ndogo kisha kuikuza, kwenye Quality, lakini usishuke zaidi: kwa 1080p tayari inachora 720p, na chini ya hapo mwakisiko hujaa chengachenga.

Fremu zikianza vizuri kisha zishtuke baada ya muda, angalia kumbukumbu ya kadi. GB 8 zikikaribia kujaa, shusha Texture Quality, si miale.