Aikoni zinazovurugika kila ukichomeka projekta: chanzo chake na namna ya kuzituliza

Unachomeka kebo ya projekta, skrini inazima sekunde moja na kuwaka, na aikoni zote ulizozipanga upande wa kulia zimerundikana katikati. Kikao kinaisha, unachomoa kebo, skrini inarudi upana wake wa kawaida, lakini aikoni zimebaki kule kule ziliposukumwa. Wengi huamini kompyuta ina virusi au Windows imeharibika. Haijaharibika. Inafuata kanuni moja rahisi, na ukishaielewa unaweza kuizuia kabla haijakusumbua. Nitaeleza kwa Windows 10 na 11, kwa sababu ndizo zilizo kwenye laptopu nyingi za maofisini na mashuleni.

Deskitopu ni gridi ya vyumba visivyoonekana, na kila aikoni inakaa kwenye chumba kimoja. Kwa mipangilio ya kawaida, yaani ukubwa wa kati wa aikoni na ukuzaji wa maandishi na aikoni ukiwa asilimia 100, chumba kimoja kina upana wa takriban pikseli 75 na kimo cha karibu pikseli 100, jina la chini yake likiwemo. Idadi ya vyumba inategemea rezolusheni ya skrini. Skrini ikipungua, vyumba vya pembeni vinatoweka, na aikoni zilizokuwa humo lazima zitafutiwe mahali pengine.

Chukua laptopu yenye skrini ya 1366x768, ambayo ni ya kawaida sana, na projekta ya zamani kidogo ambayo rezolusheni yake halisi ni 1024x768. Ukigawanya 1366 kwa 75 unapata safu wima 18. Ukigawanya 1024 kwa 75 unapata 13. Kwa hiyo projekta ikionyesha kile kile kilicho kwenye laptopu, Windows inatafuta rezolusheni moja ambayo skrini zote mbili zinaiweza, mara nyingi inaangukia kwenye 1024x768, na safu wima ya 14 hadi ya 18 zinapotea. Kila aikoni iliyokuwa hapo inahamishiwa kwenye vyumba vilivyobaki, na mpangilio uliouzoea unavunjika. Rezolusheni ikirudi 1366x768, vyumba vinarudi, ila mara nyingi aikoni hazirudi vyumbani mwake, kwa sababu mahali pake papya ndipo Windows inapopahesabu kuwa pake sasa.

Ukuzaji nao unaingia kwenye hesabu hiyo. Laptopu ya 1920x1080 iliyowekwa asilimia 125 haina nafasi ya pikseli 1920 kwa aikoni. Ina nafasi sawa na 1536x864, yaani safu wima 20. Ukiiweka asilimia 150 inabaki sawa na 1280x720, safu wima 17. Ndiyo maana mtu anaweza kuongeza ukuzaji tu ili maandishi yawe makubwa, bila kugusa rezolusheni wala projekta, na bado akakuta aikoni zimehama.

Dawa ya kwanza, na ndiyo ninayoipendekeza kuliko zote, ni kutoonyesha kwa njia ya kunakili skrini. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P. Menyu inafunguka yenye chaguo nne: `PC screen only`, `Duplicate`, `Extend` na `Second screen only`. Chagua `Extend`. Hapo projekta inakuwa skrini ya pili yenye rezolusheni yake yenyewe, na skrini ya laptopu haiguswi hata pikseli moja. Aikoni hazina sababu ya kuhama. Faida nyingine ni kwamba wasikilizaji hawaoni aikoni zako kabisa. Ukutani kunaonekana picha ya mandharinyuma, na pengine upau wa chini, mpaka upeleke dirisha huko.

Watu huikwepa `Extend` kwa sababu wanapofungua faili linabaki kwenye laptopu, na ukutani hakuna kitu. Suluhisho ni fupi: dirisha likiwa wazi, bonyeza Windows, Shift na mshale wa kulia kwa pamoja, nalo linarukia skrini ya pili. Ukibonyeza tena linarudi. PowerPoint yenyewe inafaidika na hali hii, kwa kuwa inaweka slaidi ukutani na kukuachia wewe maelezo yako ya pembeni na slaidi inayofuata. Ukizoea hivyo, hutatamani tena kunakili skrini.

Kuna mtego mmoja ndani ya `Extend`. Aikoni hufuata skrini kuu. Kama projekta imewekwa kuwa skrini kuu, aikoni zote zitahamia ukutani, na upau wa chini pamoja nazo. Fungua `Settings`, kisha `System`, kisha `Display`. Utaona miraba miwili yenye namba. Bofya ule wa laptopu, shuka chini, weka alama kwenye `Make this my main display`. Kama kisanduku hicho kimefifia na hakibofyeki, maana yake laptopu tayari ndiyo skrini kuu. Chaguo la `Second screen only` lina kasoro hiyo hiyo: linaizima skrini ya laptopu na kuifanya projekta kuwa kuu, kwa hiyo aikoni zinahama na kubanwa papo hapo. Liache, isipokuwa huna namna.

Wakati mwingine ni lazima unakili, kwa mfano unapofundisha hatua za programu fulani na unataka uone kile kile wanachokiona wanafunzi. Basi usikubali rezolusheni ambayo Windows imejichagulia kabla ya kujaribu nyingine. Ukiwa kwenye `Duplicate`, nenda `Settings`, `System`, `Display`, kwenye `Display resolution`, na ujaribu ile ya laptopu yako. Projekta nyingi hupokea picha kubwa kuliko rezolusheni yake halisi na kuipunguza zenyewe. Maandishi yanafifia kidogo lakini aikoni zinabaki. Projekta ikishindwa, skrini itakuwa nyeusi au italeta ujumbe wa kukataa. Usiguse kitu. Baada ya sekunde 15 bila kuthibitisha, Windows inarudisha hali ya awali yenyewe.

Lakini huwezi kujua projekta ya ukumbi wa watu utakayoikuta kesho. Kwa hiyo panga aikoni zako kwa kuzingatia skrini ndogo kuliko zote utakazokutana nazo. Kwa 1024x768 mpaka salama ni safu wima 12 kutoka kushoto, na mistari 6 kutoka juu. Safu wima 12 zinachukua pikseli 900 hivi, zinabaki ndani ya 1024 kwa raha. Mistari 6 inachukua 600 hivi, na inavumilia hata projekta ya 1280x720, ambayo ni pana zaidi ila ni fupi zaidi, na ambayo humeza mstari wa chini wa watu wanaojaza aikoni mpaka juu ya upau. Eneo hilo lina vyumba 72. Kama hazikutoshi, tatizo lako ni wingi wa aikoni, na hilo linatatuliwa kwa folda mbili tatu, si kwa skrini kubwa.

Ukitaka kuujua mpaka wa kompyuta yako kwa uhakika, badilisha rezolusheni kuwa 1024x768 kwa dakika moja kabla hujapanga lolote, zipange aikoni hapo, kisha rudi kwenye ile iliyoandikwa `(Recommended)`. Kilichotosha kwenye skrini ndogo kitatosha kwenye kubwa.

Sasa bofya kulia mahali patupu kwenye deskitopu, fungua `View`. `Align icons to grid` iwe na alama siku zote. Bila hiyo aikoni zinakaa nusu chumba huku nusu kule, na skrini ikibadilika ndizo za kwanza kupandana. `Auto arrange icons` inategemea unachotaka. Ikiwa na alama, aikoni hujipanga zenyewe kutoka juu kushoto, safu baada ya safu, na huwezi kuiweka moja peke yake kulia. Kwa mtu asiyejali aikoni iko wapi mradi ziko kwa mfuatano, hilo ni jibu tosha, kwa kuwa mfuatano unabaki ule ule hata skrini ikibadilika. Anayetaka makundi, kazi kushoto na nyumbani kulia, aiondoe alama hiyo. Na asibofye `Sort by` hata kwa bahati mbaya, kwani inapanga upya kila kitu na hakuna amri ya kuurudisha mpangilio wa awali.

Mtandaoni utakuta ushauri wa kuondoa alama kwenye `Allow themes to change desktop icons`. Hauna madhara, ila hausaidii hapa. Kisanduku hicho kinahusu sura za aikoni kama `This PC` na pipa la taka, si mahali zinapokaa.

Mwisho, weka nakala ya mpangilio. Windows huandika mahali pa aikoni kwenye rejista yake, ndani ya ufunguo unaoweza kuuhamishia kwenye faili. Zipange aikoni, toka kwenye akaunti yako na uingie tena ili mpangilio uandikwe, kisha fungua `cmd` na uandike:

```
reg export "HKCU\Software\Microsoft\Windows\Shell\Bags\1\Desktop" "%USERPROFILE%\meza.reg" /y
```

Siku zikivurugika, chomoa projekta kwanza, hakikisha rezolusheni na ukuzaji vimerudi vilivyokuwa ulipochukua nakala, subiri kama kuna faili linalonakiliwa, kisha:

```
taskkill /f /im explorer.exe
reg import "%USERPROFILE%\meza.reg"
start explorer.exe
```

Amri ya kwanza inaufunga `Explorer`, yaani mfumo unaoonyesha deskitopu na upau wa chini, kwa nguvu, na nguvu hiyo ina sababu. Ukifungwa kwa upole, unaandika mpangilio ulioharibika kwenye rejista wakati wa kutoka. Ukifunguka tena, unausoma ule wa faili lako. Upau wa chini utatoweka kwa muda na madirisha ya folda yatafungwa. Kama haurudi, bonyeza Ctrl, Shift na Esc, tafuta `Run new task`, andika `explorer.exe`.

Asiyependa amri atumie DesktopOK, programu ndogo ya bure inayohifadhi mipangilio kadhaa na kuitofautisha kwa rezolusheni. Inafaa hasa kwa anayehama kati ya skrini ya ofisini na ya nyumbani kila siku. Kwa njia zote mbili, aikoni zilizoongezwa baada ya nakala kuchukuliwa hazimo ndani yake, kwa hiyo zitaingizwa kwenye vyumba vitupu vyovyote. Chukua nakala mpya kila unapobadilisha mpangilio kwa makusudi.