Riba ya ankara iliyochelewa inaanzia kwenye kotesheni

Swali: "Wakuu, nina karakana ya aluminiamu Mwanza. Kuna kampuni ina siku 70 haijalipa ankara yangu. Nikiongeza riba kwenye ankara mpya, sheria inaniruhusu? Na kwa kazi zijazo niandikeje ili isilete ugomvi?"

Mkuu, kama hamkukubaliana riba kabla ya kazi, usiiongeze mwenyewe. Mkataba ulifungwa siku walipokubali bei yako. Ankara inadai kilichokubaliwa tu. Ukiingiza sharti jipya hapo, mhasibu wao atalikata na atakuwa na haki. Unachoweza kufanya ni kuwaomba wasaini barua ya kukiri deni: unawapa muda wa kulipa kwa awamu, nao wanakubali riba kuanzia tarehe ya barua ile. Wakigoma, mahakamani bado unaweza kuomba riba, ila kiwango kitapangwa na hakimu.

Kwa kazi zijazo, sharti likae kwenye kotesheni. Mimi ni mchapishaji hapa Dar, na kotesheni yangu ina sehemu ya sahihi ya mteja chini ya masharti yenyewe. Siweki masharti nyuma ya karatasi kwa maandishi madogo.

Angalia sana LPO ya mteja. Kampuni nyingi huchapa masharti yao humo, na yakitofautiana na yako, LPO inaweza kuhesabika kama pendekezo jipya. Ukianza kazi kimya, umelikubali. Hoteli moja iliniletea LPO yenye siku 60 wakati kotesheni yangu ilisema 30. Kabla sijaagiza karatasi niliwaandikia: "Tumepokea LPO. Kazi itafanyika kwa masharti ya kotesheni yetu, malipo siku 30. Tafadhali thibitisheni ili tuanze." Walithibitisha kwa baruapepe, nikaichapa na kuiweka kwenye faili la kazi.

Kuhusu kiwango, kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinampa aliyeumizwa fidia ya kiasi cha haki, isiyozidi kile kilichotajwa kwenye mkataba. Kwa hiyo ulichoandika ni dari, na hakimu anaweza kushuka chini yake. Ndiyo maana siungi mkono "faini ya laki tano ukichelewa": utaielezaje kwenye ankara ya laki nane iliyochelewa siku tatu? Mimi naweka 18% kwa mwaka, karibu na mkopo wa biashara ninaolipa benki, na taarifa ya mkopo ninayo ya kuonyesha hasara yangu ilivyo.

Maneno ninayotumia ni haya:

"Malipo yafanyike ndani ya siku 30 tangu mteja apokee ankara. Kiasi kitakachochelewa kitatozwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, isiyo na riba juu ya riba, ikihesabiwa kwa siku hadi siku ya malipo. Malipo pungufu yatalipa riba kwanza, kisha deni. Mteja mwenye pingamizi alitoe kwa maandishi ndani ya siku 7, na sehemu isiyo na pingamizi ilipwe kwa wakati. Baada ya hukumu, riba itakuwa asilimia 12 kwa mwaka."

Sentensi ya mwisho ina sababu yake. Kanuni za mwenendo wa kesi za madai zinaweka riba ya 7% kwa mwaka tangu hukumu itolewe, na pande mbili zinaweza kukubaliana kwa maandishi kiwango kingine kisichozidi 12%. Usipoiandika, unabaki na 7.

Tuseme ankara ni ya shilingi 6,000,000, imepokelewa Machi 1. Mwisho wa kulipa ni Machi 31, riba inaanza Aprili 1. Mei 15 wanaleta 4,000,000. Hizo ni siku 45:

```
6,000,000 × 18 × 45 ÷ 36,500 = 133,151
```

Milioni nne inalipa riba hiyo kwanza. 3,866,849 inayobaki inapunguza deni, ambalo sasa ni 2,133,151. Kuanzia hapo riba ni kama 1,052 kwa siku badala ya 2,959. Bila ile sentensi ya malipo pungufu, mtabishana kama milioni nne yote ilipunguza deni.

Hesabu yote inasimama kwenye tarehe ya kupokea, kwa hiyo ankara ipokelewe kwa sahihi, tarehe na muhuri kwenye nakala yako. "Ankara haijafika mezani kwetu" ndiyo utetezi ninaousikia mara nyingi kuliko wote.

Riba ikishaanza, ankara ya awali usiiguse, kwa sababu kiasi chake lazima kilingane na LPO, la sivyo inarudishwa na unaanza upya foleni ya malipo. Andika dai la riba kwenye karatasi yake, lenye namba ya ankara, idadi ya siku na sharti walilosaini, na uambatanishe nakala ya kotesheni.