Unaosha kwa kondishena tu, kichwa kinawasha: huo si ukavu

SWALI: Shikamoo dada. Nina nywele za asili, kipilipili hasa. Tangu Idi niliacha shampuu, naosha kwa kondishena peke yake kila Jumapili. Mwanzo zilikuwa laini, nikafurahi. Sasa kichwa kinawasha, magamba yanatoka, na nywele zimekuwa nzito, hata maji hayaingii. Nimeongeza mafuta ya nazi kila usiku kwa ajili ya ukavu, wapi! Jirani ananiambia nipake bakingi soda na ndimu. Navaa ushungi, na maji yetu ni ya kisima. Nifanyeje? (Msomaji, Ngamiani, Tanga)

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Mafuta ya usiku yaache leo, na ndimu irudishe jikoni.

Kila wiki naketisha kitini mtu mwenye kichwa kama chako, na kila mmoja ananiambia neno lile lile: ukavu. Kabla hujaliamini, chukua kitana cha mkia, gawa nywele utosini, kisha pitisha ncha ya mkia juu ya ngozi polepole, bila kukwangua kwa nguvu. Kilichoshika pale kisugue kati ya vidole viwili. Ukavu wa kweli hutoa unga mweupe mwepesi unaopeperuka. Chako, kwa jinsi unavyokieleza, kitakuwa na rangi ya manjano kidogo, kitanata na kusambaa kama nta. Hayo ni mafuta ya ngozi, kondishena iliyobaki na seli zilizokufa, vyote vimeshikana. Maji hayaingii kwenye nywele kwa sababu zimefunikwa, na wewe kila usiku unaongeza funiko jingine. Sufuria iliyopikiwa samaki wa nazi haitakati kwa kupakwa mafuta mengine.

Kondishena inasafisha, sikatai, ila kidogo. Viambato vyake vikuu vina chaji chanya na unywele una chaji hasi, kwa hiyo vinaushika na kubaki juu yake. Ndiyo maana nywele huteleza na kuchanika kirahisi. Ukiisugua vizuri na kuisuuza kwa maji mengi, itaondoa jasho, vumbi na mafuta mepesi. Haitaondoa mafuta ya mgando, jeli, nta, wala ile silikoni iliyomo ndani ya kondishena nyingi zenyewe. Kinachobaki Jumapili hii kinapokea cha Jumapili ijayo.

Halafu kuna mba. Kwenye ngozi ya kila binadamu wanaishi fangasi wadogo waitwao malasezia, na chakula chao ni mafuta ya ngozi. Mafuta ya kupikia, nazi na zeituni yakiwemo, yana asidi za mafuta wanazoweza kuzitumia pia. Kwa hiyo mtu mwenye mba anayejipaka mafuta ngozini ili mba iondoke, anawalisha. Hapa ndipo ninapochoka, kwa sababu ushauri huu hutolewa na watu wenye upendo: mama, shangazi, jirani. Mafuta ya nazi ni mazuri kwenye urefu wa nywele na ncha zake. Kwenye ngozi inayowasha hayana kazi.

Sasa kichwa chako. Mara hii moja tafuta shampuu ya kusafisha kwa kina, yenye salfeti, ndiyo hiyo hiyo uliyoambiwa uiogope. Gawa nywele mabutu sita. Lowanisha kila butu kwa maji ya uvuguvugu hadi ngozini. Kwenye chupa yenye mdomo mwembamba weka shampuu sehemu moja na maji sehemu tatu, umimine mistari kwenye ngozi tu. Sugua kwa nyama za vidole, kucha hazihusiki. Mkono wa kwanza hautatoa povu la maana, na usiongeze shampuu kwa hasira: mafuta huua povu. Suuza, rudia. Povu likija jeupe na jingi mkono wa pili, ujue mafuta yamepungua. Kisha paka kondishena kuanzia usawa wa masikio kushuka chini, chana, suuza. Mchanganyiko uliobaki kwenye chupa umwage. Ukishatiwa maji, vihifadhi vyake hudhoofika na vijidudu huota humo.

Ushungi usivae hadi nywele zikauke kwenye mizizi.

Maji ya kisima nayo yana sehemu yake. Tanga tumekaa juu ya mawe ya chokaa, mawe hayo hayo yaliyotoboka yakawa mapango ya Amboni, na maji yakipita humo hubeba kalsiamu. Tazama birika lako. Likiwa na ukoko mweupe ndani, na sabuni ikiacha utando wa kijivu kwenye beseni, basi utando wa namna hiyo unakaa na nywelani. Chemsha maji ya kusuuzia, yaache yapoe na yatuame, kisha tumia ya juu: sehemu kubwa ya chokaa hiyo hubaki chini. Kama kisima chako kina chumvi ya bahari, kuchemsha hakuisaidii, kinga ya mvua. Kwenye chupa ya shampuu pia tafuta herufi EDTA, kiambato kinachoikamata kalsiamu.

Baada ya hapo hukatazwi kondishena. Wiki hii osha kwa kondishena, wiki ijayo kwa shampuu laini yenye povu dogo, na ile kali irudi kama mara moja kwa mwezi, au mapema zaidi ukijaza jeli au ukiogelea Raskazone. Lakini muwasho ukiendelea, tumia shampuu ya dawa ya ketokonazoli asilimia 2. Iache ngozini dakika tatu hadi tano ndipo usuuze. Kwa nywele kavu kama zetu mara moja kwa wiki yatosha, kwa wiki nne. Usipoona nafuu, nenda ukaonwe.

Bakingi soda na ndimu? Ukivichanganya vinachemka, na watu wanaona uchemkaji ule wanasema uchafu unatoka. Ni hewa ya kaboni dioksidi tu, vimeshauana. Soda ikiwa peke yake ni alikali, huvimbisha unywele na kuufanya ukatike. Ndimu ikibaki kwenye paji la uso au shingoni ukatoka juani, inaweza kukuunguza ngozi hadi malengelenge, na alama nyeusi zikakaa miezi.

Na kwa kuwa wengi mnaosoma hapa mna watoto: mtoto mwenye mabaka ya mviringo kichwani, nywele zimekatikia kwenye ngozi na vidoti vyeusi vimebaki, huyo si wa shampuu, si wa mafuta, si wa saluni. Hayo ni mapunye. Fangasi wake wameingia ndani ya unywele wenyewe, shampuu ya dawa hupunguza tu kuambukiza wengine. Tiba ni vidonge, mara nyingi grisiofulvini kwa wiki sita hadi nane, kwa kipimo kinachofuata uzito wa mtoto. Zile krimu za kuchanganya zenye steroidi wanazowauzia dukani bila cheti hupunguza wekundu na muwasho, mama akadhani amepona, kumbe fangasi wanaenea. Baka likivimba, likawa laini na kutoa usaha, usingoje hata wiki: nywele za pale zinaweza zisiote tena.