Usiguse End task kabla hujajua programu inasubiri nini

"Wakuu, programu yangu ya mahesabu inaganda kila nikisevu, inaandika Not Responding, CPU iko asilimia 1 tu. Fundi kasema nipige End task halafu aweke Windows upya, eti D haiguswi. Nikubali? Na Event Viewer ndo inafanyaje kazi?"

Mkuu acha hapo hapo! Usimwache huyo fundi aiguse hiyo mashine, maana hayo maneno "D haiguswi" niliambiwa mimi neno kwa neno na nikalipia kwa rekodi za miaka mitatu.

Not Responding haimaanishi programu imekufa. Windows inaandika hivyo dirisha likikaa kama sekunde 5 bila kujibu, basi. CPU ikiwa chini hivyo maana yake haifanyi kazi, inasubiri kitu, sasa swali ni kitu gani.

Yangu ilikuwa hivi hivi, nikisevu inaganda dakika mbili tatu halafu inarudi. Nikajifanya mjuaji, nikafungua Task Manager, upande wa Details, nikabofya kulia kwenye programu, nikachagua Analyze wait chain. Ikaniambia "is running normally". Nikaona aah, kumbe programu ndo mbovu, End task! Ikagoma kufa, ikabaki kwenye orodha kama mgeni asiyeaga. Hapo ndo ningeshtuka, kwa sababu mchakato ukigoma kufa hata kwa End task, mara nyingi kuna ombi lake la kusoma au kuandika ambalo draiva haijalimaliza. Na ile Analyze wait chain inaona programu zikisubiriana zenyewe kwa zenyewe, na kusubiri mtandao, ila ikisubiri diski inaweza kukuambia mambo shwari kabisa. Mimi nikaamini.

Nikafungua Event Viewer, daftari ambamo Windows inaandika matukio yake, kwenye kurasa za Application nikakuta 1002 Application Hang, nikaipiga picha nikamtumia fundi kwa mbwembwe. Akasema programu imeliwa na virusi, tufomati C, D haiguswi. Hakuniuliza swali hata moja! Hiyo 1002 inakwambia tu programu iliganda ikafungwa, yaani kitu ulichokwisha kukiona kwa macho yako. Jibu lilikuwa kwenye System, chumba cha jirani, na hakuna aliyechungulia, si yeye si mimi.

C na D zilikuwa vipande vya diski moja ile ile. Diski ndo ilikuwa inakufa. Kuweka Windows kulichukua usiku mzima, fundi akasema "ni kawaida", ikawaka, siku ya pili ikaganda vilevile. Ndo nikafungua System: disk 153 kibao, yaani maombi ya diski yaliyorudiwa, draiva ya diski storahci nayo 129 "Reset to device, \Device\RaidPort0, was issued", halafu disk 7 "has a bad block". Nikakimbilia kunakili D, ikafika nusu ya folda ikakwama, nikawasha upya, D haipo. Tulikuwa tumeichosha maiti kwa kuandikia magiga na magiga ya Windows. Fundi alipokea hela yake lakini, hiyo haikuganda.

Kwa hiyo wewe, ikiganda tu usifunge kitu, andika resmon kwenye Run, nenda Disk, weka tiki kwenye programu yako juu, halafu angalia Disk Activity safu ya Response Time (ms). Diski yenye afya inajibu kwa milisekunde chache, za zamani za kuzunguka labda makumi. Mimi baadaye nilikuta 8000 na zaidi huku kasi ikiwa KB chache tu na Task Manager ikionyesha diski asilimia 100. Ukiona hivyo fungua Command Prompt:

```
wevtutil qe System /q:"*[System[(EventID=7 or EventID=129 or EventID=153)]]" /c:20 /rd:true /f:text
```

Angalia Source isomeke disk au storahci au stornvme, maana namba 7 inatumiwa na wengine pia. Ikitoka 129 peke yake inaweza kuwa waya umelegea au draiva, usilie bado, ila ukiwa na 7 nakili mafaili yako kwenye diski NYINGINE leo, ukianza na yale usiyoweza kuyapata tena. Na usipige chkdsk /r kabla ya kunakili, hiyo inaisomesha diski mgonjwa sekta zote.

Diski ikiwa imetulia, hapo ndo urudi kwenye Analyze wait chain. Ikisema inasubiri network I/O tafuta folda ya mtandao iliyopotea, ikionyesha splwow64.exe ni mambo ya printa, ua hiyo splwow64 na siyo programu yako, inaweza kurudi na kazi yako ikiwa salama.

Nakili kwanza, halafu bandika hapa hiyo mistari tuione.